Mlima Hausomi Jina la Tangi

Sisi Wapare tuna sifa ambayo majirani wameifanya utani: kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sibishi. Ninachoshangaa ni kwamba mtu huyohuyo, anayeweza kumgombania kuku mmoja miaka mitatu, akija Same mjini kununua pikipiki yake ya kwanza hutoa fedha za ng'ombe kadhaa bila kuuliza swali moja la maana. Anauliza kama ni Boxer. Anauliza kama nyekundu ipo. Anauliza kama ni 150. Akijibiwa ndiyo mara tatu, analipa, anapiga picha akiwa ameikalia, anaondoka.

Maswali hayo matatu yana majibu matatu ya kijiweni, nayo yamerudiwa mpaka yamekuwa kama maandiko: jina ni moja tu, rangi ina siri yake, na injini kubwa siku zote ndiyo bora. Nayapinga yote matatu, kwa sababu gharama yake haimwangukii aliyeyasema. Inamwangukia kijana aliyeuza tangawizi ya msimu mzima, au aliyechukua pikipiki kwa mkataba na anatakiwa kupeleka hesabu kila jioni, iwe mvua iwe jua.

Nitamtumia mpwa wangu kama mfano, kwa ruhusa yake. Amemaliza kidato cha sita, analima tangawizi Mamba Miamba, na mwaka jana alikusanya fedha za kutosha pikipiki mpya. Kazi yake inajulikana: kushusha magunia kutoka mlimani mpaka tambarare, kupandisha abiria na bidhaa za duka, na mara chache kuja Same. Alinijia akiwa ameshaamua. "Mjomba," aliniambia, "nachukua Boxer, nyekundu, 150. Nyingine zote ni bati." Tulibishana siku mbili.

Tuanze na jina.

Jina lililobandikwa kwenye tangi linamwambia mnunuzi mambo machache kuliko anavyodhani. Mwaka 1976 Honda walianza kuuza pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wao walikuwa wameona jinsi watu wa nchi zinazoendelea wanavyotumia pikipiki kweli: mizigo kupita kiasi, oili inayobadilishwa ikikumbukwa, vumbi, na fundi mwenye spana tano. Kwa hiyo wakaacha mtindo wa kuendesha valvu kwa cheni ndogo ya ndani, wakatumia fito za kusukuma, ambazo huvumilia uzembe zaidi. Baadaye viwanda vingi vya Uchina vikaichukua injini hiyo, vikaitengeneza kwa mamilioni na kuiuza kwa majina ya kila namna. Ndiyo maana pikipiki mbili za Kichina zenye majina tofauti, ambazo wenye nazo wanazomeana kijiweni, zinaweza kuazimana ringi, pistoni na pleti za klachi. Wanagombea stika.

Wale wanaosema "mimi ni mtu wa Mhindi" nao hawasimami mahali pagumu sana. Bajaj Auto wa Pune, ambao jina lao sisi tumeligeuza kuwa nomino ya kawaida tunapoita kila pikipiki ya magurudumu matatu "bajaji", walishirikiana na Kawasaki wa Japani tangu miaka ya 1980. TVS wa kusini mwa India walikuwa na ubia na Suzuki mpaka 2001. Ujuzi umehama kutoka nchi hadi nchi na kutoka kiwanda hadi kiwanda. Halafu kampuni moja hutengeneza pikipiki za aina nyingi, zenye injini zisizofanana hata kidogo. Kusema unaiamini kampuni nzima ni sawa na kusema unaoa ukoo.

Hata hivyo ndani ya imani hii mna punje ya ukweli, nami sitaki kuitupa pamoja na makapi. Pikipiki iliyoenea mahali ni nafuu kuitunza mahali hapo. Mafundi wameizoea, vipuri vipo, na ikifa kabisa kuna skrepa za kuchomoa sehemu. Lakini tazama: huo ni uaminifu kwa rafu ya duka la vipuri na kwa mkono wa fundi. Hauhusiani na jina lenyewe, na unaweza kupimwa kabla ya kulipa.

Nilimwambia mpwa wangu afanye hivi. Aandike vitu vitano vinavyoisha mapema kwenye kazi yake: seti ya cheni na sproketi, pleti za klachi, viatu vya breki, ringi za pistoni, na waya wa klachi. Aende kwenye maduka mawili ya vipuri Same mjini, na duka moja la karibu na kwao, aulize kwa kila pikipiki anayoifikiria: kipo? bei gani? ni cha kiwanda au cha kuiga? Kisha aende kwa fundi wa kijijini kwao, asimuulize ipi nzuri, kwa maana hapo atapewa mahubiri. Amuulize mwezi uliopita alifungua injini zipi, na kwa nini. Kazi ya asubuhi moja. Alirudi na karatasi iliyomshangaza yeye mwenyewe: kwa mji wa Same pikipiki tatu zilikuwa sawa, lakini kwa duka la karibu na kwao ni mbili tu zilizokuwa na viatu vya breki na seti ya cheni. Ile ambayo vipuri vyake vinapatikana Same pekee ingempotezea siku nzima ya kazi, pamoja na nauli, kila inapohitaji kitu. Jina halikumwambia hilo. Karatasi ndiyo iliyomwambia.

Rangi haihitaji maneno mengi, lakini inahitaji machache ya uhakika.

Nimesikia kwamba nyekundu ina mbio, na kwamba nyeusi huchemka kwenye jua letu la Same. La kwanza halijibiki, kwa kuwa hakuna kilichodaiwa. La pili angalau ni hoja, kwa hiyo tulipigie hesabu. Injini ya pikipiki hubadilisha takribani robo tu ya nishati ya petroli kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kama joto kupitia ekzosi na mapezi ya silinda. Ikiwa inatoa kilowati 4 za kazi kwenye mwinuko, inatupa joto la zaidi ya kilowati 10. Jua kali la adhuhuri huleta kama kilowati 1 kwa kila mita ya mraba, na sehemu ya tangi inayotazama juu haifiki robo ya mita ya mraba. Hata kama rangi nyeusi ingemeza lote, ingekuwa chini ya robo ya kilowati, tena linaingia kwenye tangi na siyo kwenye silinda. Injini haitajua. Atakayejua ni wewe, ukikalia siti nyeusi iliyoanikwa stendi saa nane mchana.

Rangi ina kazi mbili tu zinazostahili dakika yako. Ya kwanza ni kuonekana. Upande wa Shengena, kilele chetu cha zaidi ya mita 2,400, ukungu ukishuka barabarani pikipiki ya kijivu inapotea mbele ya macho ya dereva wa lori. Rangi angavu husaidia, ingawa taa inayowaka na koti la kuakisi husaidia zaidi, na vyote viwili havichagui rangi ya tangi.

Ya pili inamhusu anayenunua iliyotumika. Kadi ya usajili ya TRA imeandikwa rangi ya chombo. Kadi ikisema bluu na unachoonyeshwa ni chekundu, usibishane, uliza. Kisha inua siti na uangalie boliti na pembe za fremu: rangi ya kupuliza mtaani hufunika boliti na waya, ya kiwandani haifanyi hivyo. Linganisha namba ya fremu iliyogongwa karibu na shingo ya usukani, na namba ya injini, na zile za kwenye kadi. Tazama hasa mahali keria inaposhikana na fremu, kwa sababu huko ndiko fremu za mlimani hupasuka na kuchomelewa, na rangi mpya ndiyo bandeji yake. Ukichunguza rangi kwa sababu hizo, unafanya kazi ya maana. Ukiichagua kwa ajili ya mbio, unacheza.

Sasa injini, ambapo mpwa wangu alikuwa na hoja yenye nguvu zaidi, na ambapo watu wazima hukosea kwa kujiamini.

"Mjomba, mia haipandi Mamba na mtu nyuma," alisema. Tukae kwanza tujue 150 ni nini. Ni ujazo wa silinda kwa sentimita za ujazo: nafasi ambayo pistoni inafagia. Injini kubwa humeza hewa na petroli nyingi kila mzunguko, kwa hiyo inaweza kutoa nguvu zaidi. Inaweza. Swali ni mlima unadai kiasi gani.

Chukua pikipiki yenye kilo 115, dereva kilo 65, abiria 70 na gunia la kilo 50. Jumla kilo 300. Weka mwinuko mkali wa udongo, ambapo kila mita 100 za njia unapanda mita 15. Kuusukuma mzigo huo kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, pamoja na ukinzani wa matairi kwenye udongo, kunahitaji kama kilowati 2.2, yaani nguvu farasi 3. Injini ndogo za ujazo wa 100 zinazouzwa kwetu hutoa kama nguvu farasi 8. Ni kweli hewa ya juu ni nyepesi na injini hupungukiwa: kwenye mita 1,800 inakosa kama asilimia 16 ya nguvu yake ya pwani. Bado zinabaki zaidi ya 6. Mia inapanda. Inapanda kwa gia ya kwanza, polepole, lakini inapanda.

Hapa ndipo haki inanidai niseme upande wa pili. Mahali ambapo 100 itang'ang'ania gia ya kwanza, 150 mara nyingi itapanda kwa ya pili. Kwenye kilomita 8 za mwinuko wa namna hiyo, tofauti ya kilomita 15 na kilomita 22 kwa saa ni kama dakika 10. Tena injini hizi hupozwa na upepo wa mwendo, na pikipiki inayotambaa kwa gia ya kwanza nusu saa haipati upepo; hupata joto, oili inakuwa nyepesi, na ukiifanyia hivyo mara sita kwa siku ringi zitakuja kukudai. Na kwa mtu anayekimbiza barabara kuu ya lami kwenda Mwanga na Moshi, huku mabasi yanampumulia mgongoni, injini kubwa humpa akiba ya mwendo inayoweza kumwokoa. Kwa watu hao sina ugomvi na 150.

Ugomvi wangu ni na neno "siku zote". Kwanza, tatizo la kupanda mara nyingi ni la uwiano wa gia, nalo lina dawa ya bei ndogo. Hesabu meno ya sproketi. Ikiwa ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42, kila mzunguko wa gurudumu unahitaji mizunguko 3 ya sproketi ya mbele. Badilisha ya nyuma iwe ya meno 45, uwiano unakuwa 3.21. Umeongeza msukumo kwenye gurudumu kwa asilimia 7, katika gia zote, bila kugusa injini. Utapoteza asilimia hiyohiyo ya mbio za juu: iliyokuwa ikifika kilomita 80 kwa saa itafika kama 75. Ni barabara ipi ya mlimani kwetu inayokuruhusu 75? Angalia tu cheni iwe na urefu wa kutosha, na ubadilishe seti nzima, kwa kuwa cheni iliyonyooka hula meno mapya ndani ya wiki chache. Utaijua cheni iliyokwisha kwa kuivuta kwa nyuma ya sproketi kubwa: ikiinuka mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha.

Pili, injini kubwa inakula kila siku, hata siku ambayo mlima haupo. Tuseme 100 inakwenda kilomita 60 kwa lita na 150 inakwenda 45. Kwa kilomita 90 za kazi kwa siku, ya kwanza inakunywa lita moja na nusu na ya pili lita 2. Nusu lita unaiona ndogo. Kwa siku 300 za kazi ni lita 150, na petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita ni shilingi 450,000 kwa mwaka, juu ya bei ya kununulia ambayo nayo ilikuwa kubwa zaidi. Aliye kwenye mkataba anazilipa fedha hizo kutoka kwenye chakula.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka libaki, kijiwe chote kinajadili kupanda, wakati mizigo mizito ya Upare inashuka. Tangawizi inashuka. Ndizi, kabichi na maharage vinashuka. Kilo 300 zikishuka mita 1,000 kutoka juu mpaka tambarare zina nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 8 za maji ya kawaida mpaka yatokote. Joto hilo lazima liende mahali. Ukishuka na gia imeingia, injini hubeba sehemu kubwa na kuitupa kwenye upepo. Ukishuka frii kwa kuweka nyutro, au kuzima kabisa ili uokoe petroli kama wengi wanavyofanya, karibu lote linaingia kwenye breki. Breki za dramu zikishapata joto kali hulegea: unakanyaga, pedali inakwenda mbali, unasikia harufu ya kuungua, na pikipiki haipungui mwendo. Hapo ukubwa wa silinda haukusaidii chochote. Ulichohitaji ni gia ya pili tangu juu, tairi lenye meno, na viatu vya breki ambavyo havijaisha. Kwenye dramu nyingi kuna kishale kidogo kwenye mkono wa breki; ukikanyaga kikapita alama ya mwisho, viatu vimekwisha. Nimewauliza vijana wengi waliokalia 150 zao kishale hicho kiko wapi. Wengi wao walinionyesha stika.

Mpwa wangu hakununua 100. Sikumtaka anunue 100, nilitaka ahesabu. Alichukua 125 kutoka kwenye zile mbili zenye vipuri karibu na kwao, rangi iliyokuwepo dukani siku hiyo, ambayo ilikuwa bluu. Kwa fedha iliyobaki kabla ya kufika bei ya 150 alinunua sproketi ya meno zaidi na cheni yake, tairi la nyuma la barabara ya udongo, seti mbili za viatu vya breki, helmeti mbili, ya abiria ikiwemo, na koti la kuakisi. Petroli ya wiki ya kwanza ikabaki. Kijiweni walimcheka kwa bluu.

Wewe unayesoma haya huenda hutabeba tangawizi. Huenda umepangiwa kufundisha Vudee au kuhudumia zahanati juu ya Suji, na mkopo wa kwanza wa mshahara wako utakuwa pikipiki. Muuzaji atakupeleka kwenye ile kubwa, kwa kuwa ndiyo yenye faida kwake, na marafiki watakupeleka kwenye ile wanayoiamini, kwa kuwa ukinunua nyingine ni kama umewasuta. Usibishane nao. Chukua karatasi, andika njia yako ya kila siku: kilomita ngapi, lami kiasi gani, mwinuko uko wapi, unabeba nini ukipanda na nini ukishuka. Nenda nayo kwenye rafu za vipuri kabla ya kwenda duka la pikipiki. Na ukishalipa, kabla hujapiga picha, piga magoti upande wa gurudumu la nyuma ukitafute kile kishale.